Mauzo Yaliyoingia Mara Mbili

Tulipotuma stetimenti za mwisho wa mwezi, mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake alinipigia simu Unguja. Hakufoka. "Mwanangu, mmeniandikia deni la 6,850,000. Mie daftari langu lasema 4,550,000. Hebu angalia tena." Kubwa lililomuudhi ni kwamba kompyuta yetu ilikuwa imeizuia oda yake mpya, kwa madai kuwa amepita kikomo cha mkopo.

Tofauti ilikuwa 2,300,000. Kwa kawaida huwa siisomi leja mstari kwa mstari. Kwanza naitafuta tofauti yenyewe. Nikiikosa natafuta nusu yake, maana malipo yakiandikwa upande wa mauzo, kosa huwa maradufu. Safari hii nusu sikuihitaji. Palikuwa na ankara mbili zinazolingana, kila moja mifuko 100 ya saruji kwa 2,000,000, juu yake VAT ya 15%.

Lakini mzee huyu huchukua mifuko 100 mara kwa mara, kwa hiyo kulingana tu hakukutosha. Nikenda ghalani kutazama kadi ya stoo. Mzigo wake ulitoka mara moja tu, na mifuko iliyokuwapo ilizidi ile ya kwenye kompyuta kwa 100 kamili. Tena ankara ya kwanza ilikuwa na risiti ya kielektroniki ya ZRA. Ya pili haikuwa nayo.

Chanzo kilikuwa karatasi. Oda ilipigwa kwa simu, ankara ikatolewa, na nafasi ya namba ya hati ya mzigo ikaachwa wazi kwa kuwa mzigo ulikuwa bado haujapakiwa. Hati iliporudi kutoka Pemba na sahihi ya mpokeaji, mwenzangu aliikuta haina namba ya ankara, akadhani ni mauzo yasiyoandikwa, akayaingiza. Urari usingetuambia kitu: kila ingizo lilikuwa na debiti na krediti zake, zote zimekaa sawa.

Ankara ya pili sikuifuta, kwani mteja alishaiona kwenye stetimenti. Nilitoa kredit noti yenye namba ya ankara hiyo, ikaondoa mauzo, VAT na deni, ikarudisha mifuko 100 pamoja na gharama yake kwenye stoo. Mhasibu mkuu akaidhinisha, nikamtumia mzee stetimenti mpya na nakala ya kredit noti, na oda yake ikafunguliwa.

Sasa ankara ya mkopo haipiti bila namba ya hati ya mzigo, na namba ikijirudia kompyuta inaikataa. Namba ya oda ya mnunuzi ingefaa pia, ila wateja wetu wengi wa Pemba huagiza kwa simu, na simu haina namba ya oda.