Nilivyopiga hesabu ya CGT nikiuza nyumba yangu ya Ruiru

Watu kadhaa wameniuliza nililipa KRA CGT ngapi, yaani ile kodi ya faida ukiuza mali, nilipouza ile nyumba ya Ruiru, na kila nikitaja hesabu naambiwa "lakini si ulikuwa unakaa hapo, nyumba ya kuishi haitozwi kodi". Nilikuwa nakaa ndio, lakini kuna sharti hapo ambalo mabroka wengi hawalitaji, so wacha niandike mara moja yote.

Nyumba nilinunua 2013 kwa milioni 6.5, tukaishi na familia mpaka mwisho wa 2021, halafu kazi ikanipeleka Mombasa na nyumba nikaiweka mpangaji. 2024 nikapata mnunuzi wa milioni 12.5. Kabla hata ya kusaini nikaenda kwa mhasibu mmoja dada mdogo tu lakini mambo ya kodi anayajua vizuri sana, na swali lake la kwanza halikuwa bei, aliniuliza "mzee, miaka mitatu iliyopita ni nani alikuwa analala kwa hiyo nyumba?"

Kumbe yote inategemea hapo. Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya inasema nyumba ya kuishi haitozwi CGT kama mwenyewe, mtu binafsi si kampuni, ameishi hapo mfululizo kwa ile miaka mitatu ya mwisho kabla ya kuihamisha. Yaani wanaangalia miaka ya mwisho, si jumla ya miaka yote. Mimi nilikaa karibu miaka tisa lakini ile mitatu ya mwisho alikaa mpangaji, basi msamaha umeenda wote. Nikamuuliza si wanipe hata kiasi, miaka tisa kati ya kumi na moja? Akacheka. Kuna nchi kama Uingereza wanagawanya faida kulingana na muda ulioishi, hapa kwetu hakuna, ni unapata yote au unakosa yote. Mimi naona hiyo si haki kwa mtu aliyehamishwa kikazi, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa kama msamaha haupo kinachobaki ni kupunguza faida kihalali, na hapa ndipo karatasi zinaongea. CGT ya asilimia 15 haitozwi kwa bei ya kuuza, inatozwa kwa faida, na faida si bei ya kuuza kutoa bei ya kununua tu kama watu wanavyodhani. Pande zote mbili unatoa gharama. Upande wa kununua tulianza na ile milioni 6.5, tukaongeza stamp duti niliyolipa wakati huo, asilimia 4, ambayo ni 260,000, na pesa ya wakili na valuer 110,000. Hizo risiti wakili wangu wa zamani alikuwa bado anazo kwa faili, nilimpigia tu akatoa kopi.

Halafu ikaja ile sehemu tuliyobishana kabisa, matengenezo. 2016 niliongeza vyumba viwili nyuma, nikajenga ukuta wa mawe na geti, pia kuna kibanda cha kuku kilinikula 90,000, na kila mpangaji akitoka nilikuwa napaka rangi. Mimi nikamletea kila kitu kwa bahasha. Akaanza kutenganisha. Vyumba na ukuta, sawa, hizo zimeongeza thamani ya nyumba na bado zipo siku ya kuuza. Kibanda cha kuku nilishakibomoa 2019, akakitoa, kwa sababu gharama lazima ionekane kwa thamani ya nyumba wakati unaihamisha, na kibanda hakipo. Rangi akaniambia hapana, hiyo ni matunzo ya kawaida, mkaguzi akiiona atauliza na mimi sina la kumjibu. Nilibishana kidogo kwa sababu sheria inataja pia gharama za kuhifadhi thamani, lakini akasema yeye hawezi kuweka sahihi yake kwa hesabu yenye ugomvi kwa sababu ya pesa kidogo ya rangi, na nikaona ana pointi.

Shida kubwa ilikuwa pesa ya fundi. Simenti, mawe, mabati, hizo zilikuwa na risiti za hadiwea, lakini fundi analipwa kidogo kidogo bila risiti. Kilichookoa ni kwamba malipo mengi nilimtumia M-Pesa, so nikaomba stetimenti ya ule mwaka, tukalinganisha tarehe na yale makubaliano ya kazi tuliyoandika na fundi na kusaini. Zile zilizoendana zikaingia. Cash iliyoenda bila karatasi, karibu 270,000, ikabaki nje. Kwa jumla matengenezo yaliyokubalika yakawa 1,180,000.

Kwa hiyo gharama yangu yote ikawa 6,500,000 ongeza 260,000 ongeza 110,000 ongeza 1,180,000, hiyo ni 8,050,000. Upande wa kuuza bei ilikuwa 12,500,000 lakini broka alichukua asilimia 3, yaani 375,000, na wakili 150,000, hizo zinatolewa pia, unabaki na 11,975,000. Toa 8,050,000 unapata faida 3,925,000, na asilimia 15 yake ni 588,750. Hiyo ndiyo niliyolipa.

Sasa fikiria ningeenda na karatasi moja tu ya kununua. Faida ingesoma milioni 6 na kodi 900,000. Zaidi ya laki tatu zilikuwa zimelala kwa bahasha. Na mnunuzi akiwaambia muandike bei ya chini kwa agrimenti ili nyote mpunguze, msikubali, kwa sababu yeye anajiumiza siku atakapouza, gharama yake ya kununua itakuwa ile ndogo iliyoandikwa. Pia valuer wa serikali anakadiria nyumba kwa ajili ya stamp duti ya mnunuzi, na bei yenu ikiwa chini sana itaonekana.

Kitu kingine kinachouma, hakuna marekebisho ya mfumuko wa bei. Milioni 6.5 ya 2013 inahesabiwa kama milioni 6.5 ya leo, so sehemu ya "faida" unayolipia ni shilingi iliyopungua nguvu tu. Na kabla ya Januari 2023 kiwango kilikuwa asilimia 5, faida hiyo hiyo ingelipiwa 196,250. Basi.

Malipo yenyewe ni kwa iTax, mhasibu alijaza fomu ya CGT, ikatoka namba ya malipo, nikalipa benki. Usingoje mpaka mambo ya ardhi yakamilike, kodi inadaiwa ukishapokea pesa yote au uhamisho ukisajiliwa, chochote kinachotangulia.

Nilivyomaliza hayo, dada yangu wa Kitengela naye akaniambia anataka kuuza yake. Yeye alirudi kuishi pale baada ya mpangaji kutoka, na tukihesabu alikuwa amebakisha miezi minne kufika miaka mitatu. Mnunuzi alikuwa tayari. Nikampeleka kwa yule mhasibu, wakakubaliana na wakili asogeze uhamisho mpaka muda utimie, na wakati huo akusanye bili za stima na maji zenye jina lake, kwa sababu msamaha wa kuishi unaudai wewe na ushahidi unaleta wewe. Mnunuzi alilalamika kidogo, akapunguziwa elfu hamsini kwa bei, akanyamaza.