Siku Mahakama Kuu ilipowaachilia tisa wa MV Courier

Novemba 2010 nilikuwa mwanagenzi katika ofisi ya wakili mmoja wa Mombasa aliyekuwa na washtakiwa wake wa uharamia. Tarehe 9 alinituma Mahakama Kuu nikasikilize uamuzi wa kesi ambayo haikuwa yetu, ila hoja yake ilikuwa hoja yetu: je, mahakama ya Kenya ina mamlaka ya kusikiliza uharamia uliotendwa bahari kuu, nje ya maji ya nchi yoyote?

Nilikwenda nikiamini najua jibu. Chuoni tulifundishwa kwamba haramia ni adui wa binadamu wote, na taifa lolote laweza kumkamata na kumhukumu, hata kama meli, mshtakiwa na aliyeshambuliwa wote ni wa kwingine. Nikajiuliza, sasa hapo kuna cha kubishania?

Yule wakili, tuliyemwita Mzee, alikuwa amenipa kazi usiku uliotangulia: nisome Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 69 kisha kifungu cha 5. Cha 69 kilisema mtu yeyote atendaye uharamia katika maji ya nchi au bahari kuu ana hatia. Cha 5 kilisema mamlaka ya mahakama za Kenya, kwa ajili ya kanuni hiyo, yanafika kila mahali ndani ya Kenya pamoja na maji yake. Bahari kuu haikutajwa.

"Umeona?" aliniuliza. "Huyu anaunda kosa, na yule anamwambia hakimu ukomo wake ni pale. Sasa nani mkubwa?"

Nilimjibu kwamba kifungu kinachotaja bahari kuu kwa jina hakikuandikwa bure. Akacheka, akasema nikamwambie jaji.

Washtakiwa walikuwa tisa. Tarehe 3 Machi 2009 meli ya mizigo MV Courier ilishambuliwa katika Ghuba ya Aden, na manowari ya Kijerumani Rheinland-Pfalz, iliyokuwa katika operesheni ya Umoja wa Ulaya, ikawakamata watu hao. Ujerumani ingeweza kuwashtaki kwao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, kifungu cha 105, unasema mahakama za taifa lililokamata *zaweza* kuamua adhabu. Zaweza, hazilazimiki. Tarehe 6 mwezi huo huo Kenya na Umoja wa Ulaya wakakubaliana kwa barua kwamba washukiwa wa namna hiyo wangepokelewa hapa, na tisa wale wakaletwa Mombasa, wakashtakiwa katika mahakama ya hakimu. Walikamatwa baharini kwanza, makubaliano yakaja nyuma yao.

Jaji Mohamed Ibrahim alisoma uamuzi wake, na kadiri alivyoendelea ndivyo elimu yangu ya chuoni ilivyopungua thamani. Hakukana kwamba uharamia ni kosa la dunia nzima. Alichouliza ni kama Bunge la Kenya liliipa mahakama ya Kenya uwezo wa kulisikiliza kosa lililotendwa mbali kiasi hicho. Akaona kifungu cha 5 ndicho kinachoweka mpaka, na cha 69 hakiwezi kuuvuka. Kwa hiyo mahakama ya hakimu haikuwa na mamlaka, na kesi ikaanguka.

Kulikuwa na tundu jingine. Sheria mpya ya usafiri wa meli, iliyoanza kutumika Septemba 2009, ilikuwa imefuta kifungu cha 69 na kuweka masharti mapana zaidi kuhusu uharamia. Lakini tisa hawa walikuwa wameshashtakiwa miezi kadhaa kabla, kwa sheria ya zamani, na sheria mpya haikuweza kuwarudia.

Nilirudi ofisini nikiwa nimeudhika. Niliona, na bado naona, kwamba tafsiri ile ilikifanya kifungu cha 69 kiwe nusu maiti: kinataja bahari kuu, kisha hakuna mahakama ya kukitumia huko. Mzee yeye alifurahi kama wakili wa utetezi anavyopaswa, akaanza kuandika maombi yetu jioni ile ile.

"Dunia nzima kumruhusu mtu," alisema bila kuinua kichwa, "si sawa na Bunge lako kumtuma hakimu wako."

Hapo alikuwa sahihi, hata kama matokeo hayakunipendeza. Miezi michache kabla, Mei 2010, wanajeshi wa Urusi waliikomboa meli ya mafuta Moscow University, wakawakamata maharamia, kisha wakawaacha baharini ndani ya mashua. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba msingi wa kisheria wa kuwashtaki ulikuwa na kasoro. Nilipoisoma habari hiyo nilidhani ni kisingizio tu. Baada ya Novemba sikuwa na uhakika tena.

Mwanasheria Mkuu alikata rufaa. Tarehe 18 Oktoba 2012 Mahakama ya Rufaa ikatengua uamuzi ule: kifungu cha 5 hakikuzuia kosa ambalo kifungu cha 69 chenyewe kimelipeleka bahari kuu, na mamlaka ya ulimwengu mzima juu ya uharamia yanatambulika mahakamani Kenya. Hoja ya mzee ikafa siku hiyo. Akaniita, akaniambia niyatoe kwenye jalada maombi yote ya mamlaka na nianze upya na taarifa za mashahidi wa wanamaji: nani hasa alimwona nani akishika bunduki kabla haijatupwa majini.