Nilivyotenganisha chapa ya duka langu na kampeni ya ofa

Nilipofungua duka la unga wa lishe nilikuwa na bango moja tu. Juu liliandikwa jina la duka, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko jina, "OFA YA UFUNGUZI". Ofa ilikaa pale miezi mitano. Watu wa mtaani wakaanza kusema "pale kwenye ofa", jina hawalijui. Hapo nilikuwa nimepaka kampeni mahali pa chapa.

Kampeni ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, ina bajeti, na ina jambo moja inalolitaka, kwa mfano wateja wapya 20 ndani ya wiki mbili. Chapa haina tarehe ya kuisha. Ni kile mteja anachokitegemea akisikia jina lako siku ambayo hakuna punguzo lolote. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, matangazo yake yalihimiza watu kutuma pesa nyumbani. Matangazo yale yalishapita, lakini mtu akisema "nirushie kwa M-Pesa" anajua pesa itafika. Huko kufika ndiko chapa.

Kwangu, hesabu ndiyo iliyonifungua macho. Pakiti ya kilo 1 nauza shilingi 4,000, na inanigharimu 2,900 pamoja na mfuko na stika. Faida ni 1,100. Nilikuwa nauza pakiti 10 kwa siku, kwa hiyo siku 14 za kawaida zinanipa faida ya 154,000. Safari hii nikaendesha kampeni yenye mwisho: siku 14, bei 3,400, vipeperushi na bango la turubai kwa 60,000. Faida ya pakiti ikashuka hadi 500. Ili nilipe matangazo na bado nibaki na 154,000 zilezile ilibidi niuze pakiti 428, yaani zaidi ya 30 kwa siku, mara tatu ya kawaida. Punguzo la 600 linaonekana dogo ukilitazama kwenye bei. Litazame kwenye faida: limekula zaidi ya nusu.

Niliuza 24 kwa siku. Duka lilijaa na nilifurahi, lakini baada ya kutoa gharama za matangazo nilibaki na 108,000. Pengo la 46,000. Wiki iliyofuata mauzo yakaanguka hadi pakiti 6 kwa siku, kwa sababu wateja wangu wa zamani walishajaza makabati kwa bei ya ofa. Hapo zikapotea 30,800 nyingine. Ndiyo maana usipime kampeni kwa siku zake peke yake. Andika mauzo ya wiki mbili kabla, wakati wake, na wiki mbili baada.

Kwenye daftari la kaunta nilikuwa nauliza kila mgeni, "Dada, umetujuaje?" Wageni walikuwa 19. Waliorudi kununua kwa 4,000 walikuwa 7. Ukigawa hasara yote, 76,800, kwa hao 7, kila mmoja alinigharimu karibu 11,000, na kama ananunua pakiti moja kwa wiki, fedha hiyo inarudi baada ya wiki kumi. Kampeni ilimleta mlangoni. Kitakachomfanya arudi wiki zote hizo kumi ni kilo isiyopungua kwenye mizani ya jirani, unga uliosagwa vilevile kila mara, tarehe ya kusaga kwenye pakiti, na unga wenye wadudu kubadilishwa bila maneno.

Kosa lililoniuma zaidi ni la stika. Wakati wa ofa nilichapisha stika nyekundu badala ya ile ya kijani. Mama mmoja, mteja wa tangu mwanzo, aligeuza pakiti mara mbili mkononi akaniuliza, "Umebadilisha msagaji?" Unga ulikuwa uleule. Siku hizi stika ya kijani haiguswi. Ofa inaandikwa kwenye kikaratasi cha duara kinachobandikwa pembeni, na bango la ukutani lina jina, tunachouza na namba ya simu basi. Ofa inakaa kwenye turubai lenye tarehe ya mwisho, na tarehe ikifika linashuka hata kama mauzo ni mazuri.

Jambo jingine la upande wa chapa, kwa walioko Tanzania Bara: kusajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, si sawa na kusajili alama ya biashara. Alama inaombewa peke yake, inalindwa miaka 7, kisha inahuishwa kwa miaka 10. Jina la kuelezea bidhaa tu, kama "Unga Bora", ni gumu kukubaliwa.

Kampeni yangu ya pili haikugusa bei. Jumamosi nne, nusu kilo ya unga kila mara, uji wa kuonja vikombe vidogo kama 50 mbele ya duka, na pakiti ya kijani imesimama kando ya sufuria.