Kwa nini wanafunzi 360: siku nilipoitetea sura ya tatu

Swali la kwanza la jopo lilihusu sampuli. Mjumbe mmoja alifungua pendekezo langu la tasnifu kwenye sura ya tatu, akaweka kidole juu ya jedwali, akaniuliza: "Umeandika wanafunzi 360 kutoka shule 24. Fomula ya Yamane ingekupa 343, na ungewapata katika shule nane tu. Kwa nini umejitafutia kazi?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo. Sehemu kubwa ya muda niliotumia kuandika sura ile ilikwenda kwenye jibu lake, na msimamizi wangu alikuwa amelikataa mara mbili kabla ya kulikubali. Kila nilipompelekea rasimu, pembeni mwa kila aya aliandika maneno mawili: "Kwa nini?" Hakutaka nimweleze usampulishaji nasibu ni nini. "Hilo analijua kila atakayeisoma," aliniambia. "Mimi nataka kujua kwa nini wewe, kwa swali lako hili, umechagua hivi na si vile."

Swali langu lilikuwa hili: wanafunzi wanapoandika insha upya, je, wanayatumia maoni ambayo mwalimu aliandika kwenye rasimu ya kwanza? Shule 24 za eneo la utafiti zilikuwa na wanafunzi 2,400 wa ngazi niliyoilenga, takriban mia moja kila shule. Ukiziingiza namba hizo katika fomula aliyoitaja mjumbe, kwa kosa linalovumilika la asilimia 5, unapata hivi:

```
n = N / (1 + N × e²)
n = 2400 / (1 + 2400 × 0.0025) = 2400 / 7 ≈ 343
```

Hesabu ni sahihi. Tatizo liko kwenye sharti ambalo mara nyingi halitajwi: fomula hii inachukulia kwamba kila mwanafunzi amechaguliwa peke yake, kwa bahati nasibu, kutoka orodha moja ya watu 2,400. Katika utafiti wa elimu hatufanyi hivyo. Tunachagua shule kwanza, kisha wanafunzi ndani yake. Na wanafunzi wa shule moja hufanana. Wamefundishwa na mwalimu yuleyule, wamezoea kusahihishwa kwa namna ileile, na kama mwalimu huyo huandika "vizuri" tu chini ya kila insha, wanafunzi wake wote wamekosa kitu cha kutumia. Mwanafunzi wa arobaini kutoka shule hiyo anakuongezea habari kidogo sana juu ya ile uliyokwisha kuipata kwa wale kumi wa kwanza.

Hasara hiyo hupimika, na wataalamu wa takwimu huiita athari ya muundo wa sampuli. Unachukua idadi ya wanafunzi wa kila shule, unatoa moja, unazidisha kwa kipimo cha mfanano wa ndani ya shule, kisha unaongeza moja. Mimi nilichukulia mfanano wa 0.15, kiasi ambacho si kigeni katika takwimu za shule. Kwa shule nane zenye wanafunzi 43 kila moja, hesabu ikawa:

```
1 + (43 - 1) × 0.15 = 7.3
344 / 7.3 ≈ 47
```

Maana yake ni kwamba wanafunzi 344 waliochaguliwa kwa mtindo huo wana uzito wa wanafunzi 47 tu waliochaguliwa mmoja mmoja. Kosa la asilimia 5 lililoandikwa kwenye tasnifu linakuwa, kwa kweli, karibu asilimia 15. Lakini nikienda shule zote 24 na kuchukua wanafunzi 15 kila shule, athari inashuka hadi 3.1, na wale 360 wanakuwa na uzito wa wanafunzi 116. Kosa linakaribia asilimia 9. Sikufika asilimia 5, na sura ilisema hivyo waziwazi. Ni afadhali kuandika asilimia 9 ya kweli kuliko asilimia 5 isiyokuwepo.

Niliyaeleza hayo mbele ya jopo nikitumia jedwali lenye safu mbili, muundo wa shule nane na muundo wa shule 24. Mjumbe aliliangalia kwa muda, kisha akauliza kilichokuwa na haki kabisa ya kuulizwa: "Hiyo 0.15 umeitoa wapi? Ikiwa ni 0.05 je?"

"Daktari, ikiwa 0.05, shule nane zinanipa uzito wa wanafunzi 111, na shule 24 zinanipa 212," nilimjibu. "Ukubwa wa tofauti unabadilika, ila shule nyingi zenye wanafunzi wachache bado ni bora." Hesabu hizo nilikuwa nazo kwenye kiambatisho, na namshukuru msimamizi wangu aliyenilazimisha kuziweka. Mfanano halisi ningeujua baada ya kukusanya data tu. Kabla ya hapo, unachoweza kufanya ni kuonyesha kwamba uamuzi wako hauyumbi hata namba uliyoikisia ikibadilika.

Mjumbe wa pili aliingia kwenye zana, na hapo mazungumzo yakapata uzito wa aina nyingine.

Nilikuwa na zana mbili kuu. Moja ilikuwa dodoso la kumuuliza mwanafunzi anavyoyatumia maoni ya mwalimu. Nyingine ilikuwa mwongozo wa kulinganisha rasimu ya kwanza ya insha na ya pili, maoni kwa maoni, kuona nini kimerekebishwa. Kuhusu dodoso, tasnifu nyingi hutaja alfa ya Cronbach, huonyesha kwamba imevuka 0.70, kisha huhamia aya inayofuata. Alfa yangu ya majaribio iliuvuka mpaka huo bila shida. Lakini alfa husema tu kwamba vipengele vya dodoso vinakwenda pamoja. Haisemi vinakwenda wapi. Mtoto anayetaka kumfurahisha mwalimu wake ataweka alama ya "kila mara" kwenye kila kipengele, na majibu ya watoto wa namna hiyo, yakichanganywa na ya wengine, yanaweza kuipandisha alfa badala ya kuishusha. Dodoso likawa thabiti na bado lisiwe halali.

Jambo hili nililiona wakati wa majaribio, katika shule ambayo haikuwa miongoni mwa zile 24. Darasa moja lilijaza dodoso mwalimu akiwa amesimama mbele. Karibu wote walisema huyasoma maoni kila mara na huyafanyia kazi yote. Darasa la pili lilijaza bila mwalimu kuwamo, na majibu yakatawanyika: wengine mara chache, wengine huangalia maksi tu. Nilipofungua insha za madarasa yote mawili, rasimu za pili zilikuwa na marekebisho ya kiwango kilekile. Madarasa mawili hayatoshi kuthibitisha kitu, na niliandika hivyo. Yalitosha kuniamulia utaratibu: mwalimu asiwemo chumbani, na maneno ya mwanafunzi yasisimame peke yake bila insha zake.

"Sawa," alisema mjumbe wa pili. "Lakini ili ulinganishe dodoso la mtoto na insha yake, ni lazima ujue kwamba ni mtoto yuleyule. Na kwenye fomu ya ridhaa unamwahidi nini?"

Hapo ndipo sampuli, zana, uhalali na maadili vinaposhikana, na ndiyo sehemu ya sura ninayoipenda kuliko zote. Kiolezo cha fomu ya ridhaa kinachozunguka kati ya wanafunzi kina sentensi isemayo kwamba majina ya washiriki hayatajulikana kwa mtu yeyote. Kwa utafiti wangu sentensi hiyo ingekuwa uongo. Kila mwanafunzi angepewa namba, namba hiyo ingeandikwa kwenye dodoso na kwenye nakala za insha, na orodha ya kuunganisha namba na jina ningekuwa nayo mimi. Mtafiti anajua, mwalimu hajui. Ulinzi wa namna hiyo ni wa kutunza siri. Ni tofauti na kutotambulikana kabisa, na mzazi anayetia saini ana haki ya kuujua ukweli huo.

Kwa hiyo fomu yangu ilisema hivi: mtafiti peke yake ataweza kuunganisha majibu yako na jina lako, mwalimu na mkuu wa shule hawataonyeshwa, orodha ya majina itatunzwa mbali na data na kuharibiwa mara ulinganishaji utakapokamilika. Na kwa kuwa baada ya kuiharibu nisingeweza tena kujua data ya nani ni ipi, fomu ilitaja pia tarehe ya mwisho ya mtu kuomba kuondolewa. Kuandika "unaweza kujiondoa wakati wowote", bila tarehe, kungekuwa ahadi isiyotekelezeka.

Kulikuwa na ridhaa za ngazi tatu. Mkuu wa shule angetoa kibali cha kuingia shuleni, ambacho si ridhaa ya mtoto. Mzazi angeridhia kwa niaba ya mtoto, na mtoto naye angeulizwa kwa maneno anayoyaelewa, huku kukataa kwake kukiheshimiwa hata kama mzazi amekubali. Fomu ningezigawa mwenyewe, kwa sababu fomu inayotoka mikononi mwa mwalimu ni vigumu kuikataa.

Mwenyekiti, ambaye hakuwa amesema kitu hadi wakati huo, aliuliza swali moja tu. "Mtoto aliyekataa atakuwa wapi wenzake wakiandika insha? Ukimtoa nje, darasa zima litajua kwamba amekataa."

Nilimwonyesha aya yenyewe. Insha ilikuwa kazi ya kawaida ya darasa, ambayo mwalimu angeitoa hata kama utafiti usingekuwapo. Wote wangeiandika, na wote wangepewa dodoso lenye kurasa zilezile. Tofauti ingekuja baadaye nikiwa peke yangu: insha ya aliyekataa isingenakiliwa, na dodoso lake lisingeingizwa kwenye data. Ili nafasi za waliokataa zijazwe bila upendeleo, katika kila shule nilipanga kuchagua kwa bahati nasibu majina 20 kutoka rejista, kisha kufuata mpangilio uleule yalivyochaguliwa hadi nitimize 15 walioridhia. Idadi ya waliokataa ingeripotiwa kwa kila shule, kwa kuwa wakiwa wengi mahali pamoja sampuli ya hapo haiwezi tena kuitwa nasibu.

"Je, mwalimu?" aliuliza mwenyekiti. "Unachambua maandishi yake. Naye si mshiriki?"

Alikuwa mshiriki, na fomu yake ilikuwamo kwenye kiambatisho. Jopo liliongeza sharti moja nililolikubali papo hapo: mifano ya maoni itakayonukuliwa kwenye tasnifu ichapwe upya, isiwekwe kama picha ya daftari, kwa sababu hati ya mkono humtambulisha mwalimu hata jina lake likifutwa. Niliiandika sentensi hiyo jioni ileile, nikaiweka chini ya kifungu cha uchambuzi wa insha, mahali ambapo msomaji angeihitaji.