Kutoka asilimia hadi molariti na molaliti: asidi hidrokloriki ya 37%

Chupa ilisema 37% kwa tungamo, densiti 1.19 g/mL. Nilihitaji molariti na molaliti. Kilichonifungulia njia ni kuchukua lita moja kamili ya mmumunyo na kuuliza ndani yake kuna nini.

Lita hiyo ina tungamo la gramu 1190. Asilimia 37 yake ni gramu 440 za HCl, na ukigawanya kwa 36.46, yaani gramu za moli moja ya HCl, unapata moli 12.1. Basi molariti ni 12.1 mol/L.

Kwa molaliti, moli hugawanywa kwa kilo za maji peke yake, na hapa ndipo wengi huteleza kwa kutumia mmumunyo wote. Maji ni 1190 − 440, yaani gramu 750. Kwa hiyo 12.1 ÷ 0.750 ni takriban 16.1 mol/kg. Katika mmumunyo wa maji wenye densiti iliyo juu ya 1, molaliti ikitoka ndogo kuliko molariti, mara nyingi umegawanya kwa tungamo lote.

Sehemu kwa milioni ni rahisi: 37% ni 370,000. Ila usiziite mg/L. Kwa mg/L, hapa ni 440,000. Vipimo hivyo viwili hulingana tu densiti ikikaribia 1, kama kwenye maji yenye chumvi kidogo sana.