Injini ya boti ilichemka Mtera, chujio nimesafisha lakini maji bado yanatoka kidogo

Mimi nakaa Dodoma mjini ila boti letu liko bwawani Mtera, tunabebea samaki, injini ni dizeli ya ndani silinda tatu, inapozwa na maji ya bwawa yanayopita kwenye vibomba vya hiti eksichenja kupoza kulanti ya injini, halafu yanatupwa nje pamoja na moshi wa ekzosi. Siku hiyo tulikuwa tunarudi mwaloni na mzigo wa perege, dogo aliyekuwa nyuma akaniita, "Kaka, mbona ekzosi inakohoa?" Nikasikiliza, kweli, mlio umekuwa mkavu, mkali kuliko kawaida, na badala ya maji kumwagika kwa mapigo yanatoka kama mkojo wa mtoto na mvuke juu yake. Geji ambayo siku zote inakaa kwenye 80 na kitu imeshapita 95.

Nikazima hapo hapo, tukatia nanga. Mfuniko wa kulanti sikuugusa, ukifungua ya moto inakurukia usoni.

Nikaanza na chujio kwa sababu tulikuwa tumepita kwenye maji mafupi yenye majani na tope. Nikafunga vali ya chini kwanza, hii usisahau maana ukifungua chujio vali ikiwa wazi na chujio liko chini ya usawa wa maji boti linajaa. Kapu lilikuwa limeziba na majani yaliyolainika kama mlenda. Nikalisuuza, nikafuta oringi ya mfuniko na kuikagua kama haijachanika, maana ikivuja hapo pampu inavuta hewa na unaweza ukahangaika siku nzima. Halafu kabla ya kurudisha nikafungua vali kidogo kuona maji yanapanda, yakapanda kwa nguvu, maana yake njia ya kutoka chini haijaziba. Nikajua tumemaliza.

Nikawasha, maji yakaongezeka kidogo tu. Nikakinga ndoo ya lita 10 kwenye ekzosi injini ikiwa sailensa, ikachukua karibu dakika mbili kujaa, na mimi niliwahi kuipima ikiwa nzima ilikuwa kama sekunde 40. Nikazima tena.

Hapo ndipo nikaenda kwenye impela, ile ya mpira ndani ya pampu. Inategemea maji yenyewe kulainisha, sasa chujio likiziba inasugua kavu na mpira unaungua haraka sana. Nikafunga vali, nikafungua skrubu za kava taratibu zisidondokee chini ya injini, nikaivuta impela kwa plaizi mbili. Ina mapezi sita, mawili yamekatika kabisa na la tatu lina ufa kwenye shina, ukilikunja ufa unafunguka kama mdomo.

Impela ya akiba ninayo, dogo akasema tuweke tuondoke. Nikamwambia subiri mdogo wangu, vipande viwili viko wapi? Ndani ya pampu havimo. Na mara nyingi havirudi nyuma, vinasukumwa na maji kwenda mbele, kwa hiyo nikafungua hozi inayotoka kwenye pampu, kimoja kimekwama kwenye kona. Cha pili hakuna. Ikabidi nifungue kifuniko cha mwisho cha eksichenja upande maji yanakoingilia, nikakikuta kimelala kifudifudi juu ya matundu ya vile vibomba, kimefunika kama robo yake, na mabaki ya majani yamejishika pembeni yake. Nikatoa kwa vidole, nikasukuma tope kwenye vibomba kwa kijiti chembamba cha mti, siyo waya, waya unakwangua shaba.

Kama ningebadilisha impela peke yake maji yangeongezeka, tungefurahi, halafu tukiongeza mwendo na mzigo ule geji ingepanda tena katikati ya bwawa na mchana Mtera upepo unavuma vibaya.

Impela mpya nikaipaka sabuni ya kuoshea vyombo, grisi ya kawaida sipaki, inaweza kuharibu mpira, nikaiingiza huku naizungusha upande inakozunguka shafti ili mapezi yote yalale upande mmoja. Kava nililiangalia kwa mkono, kucha ikikwama kwenye mikwaruzo ujue pampu haitavuta vizuri, langu lilikuwa na mikwaruzo kidogo tu. Nikaweka gasketi mpya, nikafungua VALI, ndiyo nikawasha. Ndoo ikajaa kwa sekunde 40 na kidogo.

Tukaenda pole pole hadi mwaloni geji ikiwa 82, dogo kaweka kiganja chake kwenye maji ya ekzosi njia nzima. Kile kipande cha pili nimekifunga kwenye nailoni pamoja na skrubu za akiba, na sasa nikifungua pampu naanza kuhesabu mapezi.