Kifaru Kimelala

Mwalimu aliisoma ripoti yangu mara mbili, akavua miwani, akaniuliza: "Mwanangu, kesho nikiingia darasani nifanye nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa naibu mwalimu mkuu mpya katika shule moja ya msingi upande wa Likoni, na yeye alianza kushika chaki mimi nikiwa bado nacheza gololi. Fomu ilikuwa ile ya TPAD, tathmini ambayo Tume ya Huduma kwa Walimu hutaka ijazwe. Nilikuwa nimeketi nyuma ya Gredi ya 4 kwa somo zima la Kiswahili, dakika 35, bila kuandika neno. Ripoti niliiandika jioni kwenye foleni ya feri, kwa kumbukumbu. Ilisema mwalimu ana udhibiti mzuri wa darasa, wanafunzi walishiriki kikamilifu na kuelewa, ila aongeze maswali yanayochochea fikra.

"Walielewa," akasema. "Wewe wajuaje?"

Nilijua kwa sababu aliwauliza, "Mmeelewa?" nao wakaitikia "Ndiooo!" kwa sauti iliyofika barabarani. Huo ndio ushahidi wote niliokuwa nao. Hakutia sahihi, na hakukosea. Tukakubaliana nirudi Jumatano, saa 4:10 asubuhi, somo la sarufi, ngeli ya KI-VI.

Safari hii nilikwenda na karatasi nilizopiga mistari nyumbani. Safu ya kwanza nyembamba, ya saa. Ya pili, anachosema na kufanya mwalimu. Ya tatu, wanachosema na kufanya wanafunzi. Ya nne niliiacha wazi kabisa, kwa maoni yatakayoandikwa somo likishaisha. Hiyo ya nne ndiyo iliyoniponya. Ukiwa na mahali pa kuweka hukumu baadaye, mkono hauna haraka ya kuipenyeza katikati ya maelezo. Karatasi nyingine ilikuwa ramani ya madawati, kisanduku kimoja kwa kila mtoto, visanduku 46. Mwalimu akimwita mtoto ajibu, naweka kistari katika kisanduku chake. Saa yangu ya mkono yenye mshale wa sekunde niliilaza mbele yangu.

Baada ya dakika tano nikajikuta nimeandika, "Mwalimu alishindwa kumsubiri mtoto." Nikakata. "Alishindwa" ni hukumu. Nikaandika nilichokiona: "4:16. Mwalimu: 'Wingi wa kikombe?' Sekunde 1. Anajibu mwenyewe: 'Vikombe.'" Maneno mengine madogo yana hila zaidi, kama "tu", "hata" na "vizuri". "Alimwuliza mtoto mmoja tu" tayari ni lawama. "Alimwuliza mtoto 1" ni hesabu. Hata kwa yule kijana wa dirishani sikuandika kwamba somo lilimchosha. Niliandika: "Kichwa juu ya dawati, macho yamefumba, 4:22 hadi 4:29." Baadaye mwalimu akaniambia kijana yule alikuwa na homa tangu jana yake na mamake alishaitwa aje kumchukua.

Kiini cha somo kilitokea saa 4:19. Mwalimu aliandika ubaoni: "Nomino zinazoanza na ki- huwa katika ngeli ya KI-VI." Akatoa kiti, kisu, kikapu. Msichana wa mbele akainua mkono: "Na kifaru, Mwalimu?" Mwalimu akasema, "Kifaru, vifaru. Vyema," kisha akaendelea. Nilinukuu neno kwa neno, sikuongeza kitu. Mwishoni aliwapa sentensi tano wajaze, mojawapo ikiwa "Kifaru ___lala." Wakati wanaandika nilipita nikitazama madaftari 12, nikichagua kila baada ya watoto watatu hivi ili nisiishie kwa wale hodari wa mbele. Manane yalikuwa na "Kifaru kimelala."

Hapo ndipo nilipoona kile ambacho ripoti ya feri isingekiona kamwe. Watoto wale wanane walikuwa wameifuata sheria ya ubaoni barabara. Umbo la nomino lilikuwa ki-/vi-, lakini upatanisho wa wanyama na watu huenda kwa A-WA: kifaru amelala, viboko wamelala, kiongozi amefika. Sheria ndiyo iliyokuwa na tundu, na ushahidi ulilionyesha bila mimi kusema mwalimu hajui ngeli. Anazijua kuliko mimi.

Alasiri hiyohiyo tuliketi katika chumba cha walimu, kabla kumbukumbu haijapoa. Nilimpa karatasi mbichi kwanza, safu ya nne ikiwa bado tupu, nikanyamaza. Kunyamaza huku ni kazi ngumu kuliko kuandika. Alifika 4:19, akakaa hapo muda, akacheka kwa pua. "Kifaru kimenipita." Akageukia ramani. Maswali aliyowaita watoto kwa majina yalikuwa 31, na 22 kati yake yalikwenda kwa watoto tisa walewale, wote wa safu mbili za mbele. Watoto 28 hawakuulizwa. Hilo lilimuuma, nilimwona, lakini hakubishana nalo. Vistari havina ubaya na mtu.

Alibishana na mstari mmoja. "Waniandika sikwenda nyuma. Nipitie wapi, juu ya vichwa vyao?" Tukaenda kuangalia. Madawati ya safu ya nne na ya tano yalikuwa yamegusana tangu ukutani hadi ukutani. Nilichokiandika kilikuwa kweli, ila mimi niliingia kwa mlango wa nyuma na sikuliona pengo ambalo halikuwepo. Nikaongeza chini yake: "Hakuna njia kati ya safu ya 4 na ya 5," tukaweka sahihi za mkato sote wawili.

Hatua za mbele tulizifanya mbili. Nilitamani tano, lakini mwenye vipindi vingi kwa wiki hataifanya hata moja ukimpa tano. Ya kwanza: majina 46 kwenye vikaratasi ndani ya mkebe. Aulize swali kwanza, ahesabu kimoyomoyo hadi tatu, ndipo achomoe jina. Mpangilio huo una sababu: ukitaja jina kwanza, wengine 45 hupumua na kuacha kufikiri. Zile sekunde tatu pia si za kubuni. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja, na wakisubiri tatu au zaidi majibu ya watoto hurefuka. Ya pili: somo lijalo lianze na kiti na kifaru ubavuni, watoto waseme tofauti wao wenyewe, kisha sentensi tatu daftarini. Kipimo kikawa madaftari 12 yaleyale. Kazi yangu mimi ikawa kuomba madawati yasogezwe kabla ya Ijumaa, na hilo nalo tuliliandika ndani ya ripoti, pamoja na tarehe. Akatia sahihi.

Wiki mbili baadaye nilirudi na karatasi zilezile. Kumi na moja kati ya madaftari 12 yalikuwa na "Kifaru amelala." Safu za nyuma ziliulizwa mara 13. Lakini kengele ililia sentensi ya tatu haijasahihishwa, kwa sababu aliuliza maswali 31 kama awali, na sasa kila moja lilikuwa na sekunde zake tatu na karatasi ya kuchomoa. Safari hii safu ya nne ya karatasi, ile ya maoni, aliijaza mwenyewe. Aliandika: "Maswali 15."